Povu la Kopo la Kusafishia Sofa za Kitambaa: Linafaa Wapi, Linakwama Wapi

Watazamaji, bidhaa ninayoichambua leo ni povu la kusafishia sofa za kitambaa, lile linalouzwa kwenye kopo lenye brashi ndogo juu ya kifuniko. Ninachotaka kujua ni kama linaondoa doa bila kuifanya kava irudi au ichujuke rangi.

Kabla ya kulipulizia popote, tafuteni lebo iliyoshonwa chini ya mito ya kukalia. Herufi W huonyesha kwamba kitambaa kinavumilia dawa zenye maji. S hukubali dawa zisizo na maji pekee. WS huruhusu zote mbili. Na X haitaki kimiminika chochote, ni kifyonza vumbi tu. Povu hili lina maji, kwa hiyo ni la W na WS. Wala msidanganywe na zipu, kwa sababu mara nyingi huwekwa ili sponji iingie kwa urahisi, na si ishara kwamba kava inaweza kufuliwa.

Nguvu ya povu ni kwamba halilowanishi sana. Pamba na kitani hufumwa nyuzi zikiwa zimevutwa, na zikilowa hadi ndani, hasa kwa maji ya moto, huvimba na kuachia ule mvuto, ndipo kava inaporudi na kukataa kuingia kwenye mto wake. Poliesta haisumbui sana kwa hilo. Viskosi, kwa upande wake, hudhoofika sana ikiwa imelowa, kwa hiyo isisuguliwe kamwe.

Kuhusu rangi, pakeni povu kidogo mahali palipofichika, kandamizeni kitambaa cheupe juu yake kwa dakika chache, kisha mkitazame. Kikichukua rangi, acheni hapo hapo. Kisipochukua, bado subirini pakauke kabisa, kwa kuwa sehemu iliyopauka haionekani vizuri ikiwa ingali mbichi.

Nimelijaribu kwenye doa la chai ya maziwa, juu ya kava ya pamba yenye rangi ya malai na lebo ya W. Nilikausha kwanza kwa kukandamiza taulo jeupe, nikapaka povu kutoka ukingoni kuelekea katikati ili doa lisitanuke, kisha nikalifuta. Mafuta ya maziwa yalitoka vizuri, lakini alama ya kahawia ilibaki. Hiyo ni tanini ya majani ya chai, ambayo haitoki kwa urahisi kwa dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta. Na mkiikimbilia kwa sabuni ya mche, yenye ualikali, mnaweza kuifanya ing'ang'anie zaidi. Kilichofaa ni siki nyeupe, sehemu moja kwa sehemu mbili za maji baridi, iliyogongwagongwa kwa kitambaa, kisha ikaondolewa kwa kitambaa kingine chenye unyevu wa maji matupu.

Asubuhi yake alama ilikuwa imerejea, ingawa imefifia. Si dawa iliyoshindwa hapo: chai iliyozama kwenye sponji hupanda pamoja na unyevu unapokauka, ikajikusanya juu ya kitambaa. Rudieni siki kidogo, kisha lazeni taulo kavu juu ya mahali hapo na mlikandamize kwa kitu kizito usiku kucha, ili unyevu uishie kwenye taulo. Malizieni kwa feni, si kwa jua kali wala kikausha nywele cha moto.

Kasoro mbili nimeziona. Brashi ya kopo ni ngumu mno. Kwenye mahameli hulaza manyoya na kuacha mabaka, na mimi ningeitupa nikatumia sponji laini. Pia maelekezo ya kopo husema povu likikauka lifyonzwe tu, lakini kava ikibaki ngumu au yenye kunata mkiigusa, sabuni imebaki ndani na itashika vumbi upesi. Ipitisheni kitambaa chenye unyevu.

Kwa damu, anzeni na maji baridi, kwa maana joto huigandisha kwenye nyuzi. Wino wa kalamu hutaka spiriti kidogo kwenye pamba, baada ya kuijaribu pembeni. Dawa ya klorini isikaribie kitambaa cha rangi, hata iwe imezimuliwa.

Kwa maoni yangu, povu hili lina thamani kwa weusi wa mafuta unaojijenga kwenye sehemu za kuegemeza mikono na kichwa, na hapo lipakwe sehemu yote hadi kwenye mshono, la sivyo duara safi litaonekana katikati ya uchafu. Kwa chai, kahawa na juisi, siki itawatosha bila kopo. Wenye lebo ya S au X wasilinunue.