Niliagiza nembo ya vekta, nikaletewa herufi O yenye pointi 63

Nimeipa huduma hii ya kuchora nembo nyota mbili. Mchoro wenyewe ulikuwa mzuri, na kwenye simu ulipendeza kabisa. Tatizo nililiona siku fundi wa stika aliponipigia kuuliza kwa nini kisu cha mashine yake kinasitasita kila kinapopita kwenye ile O.

Nikafungua faili ya SVG kwenye Inkscape, nikachagua `View > Display Mode > Outline` ili rangi zitoke, ibaki mistari mitupu. Hapo nikaiona. O ile ni duara mbili tu, ya nje na ya ndani. Kila duara inatosha pointi nne: juu, chini, kushoto, kulia. Jumla nane. Nilipozichagua zote, programu ikaniandikia 63. Zilijipanga kama siafu, nyingine zimebanana hadi karibu zipandiane, na vishikio vyake, vile vijiti vinavyoongoza mstari upinde vipi, vinaelekea kila upande. Kati ya pointi na pointi, mstari unavimba kidogo kisha unabonyea. Kwa macho yangu hiyo ni picha iliyopitishwa kwenye ufuatishaji wa kiotomatiki, yaani programu imejifuatishia kingo zenyewe, si kitu kilichochorwa kwa mkono.

Nilipolalamika, jibu likawa: "Ndugu, hiyo ni vekta, ikuze utakavyo, haipasuki." Kweli haipasuki. Lakini uvimbe nao unakua! Kwenye nembo ya upana wa sentimita 4, uvimbe wa milimita 0.2 huuoni. Ipeleke kwenye bango la mita 2, umekuza mara 50, na ule uvimbe sasa ni sentimita nzima.

Nikajaribu kujisaidia na amri ya kupunguza pointi, `Path > Simplify`. Pointi zilishuka hadi 21, nikafurahi kwa dakika moja hivi. Duara ikawa inafanana na yai, na ncha kali za K iliyo pembeni zikalegea, kwa sababu amri ile inakisia upya mstari uliopo, na haijui kwamba wewe ulitaka duara. Ikipewa mstari mbovu, inakupa mbovu wenye pointi chache.

Nikairudisha kazi, nikaomba O ichorwe upya: pointi nne kila duara, vishikio vimenyooka wima au mlalo, urefu wake kama 0.55 ya nusu kipenyo. Ilichukua siku tatu na maneno mengi, ila ilikuja. Pointi nane. Nimeikuza hadi ukingo mmoja ukajaza skrini nzima, nikausogeza taratibu, sikuona kigongo.

Nyota mbili zinabaki, maana K sikuitaja kwenye maombi yangu, na hawakuigusa: ukingo mmoja wa mguu wake ulionyooka bado una pointi sita, wakati mstari mnyoofu unahitaji mbili.