Daftari au jedwali la simu: kufuatilia bei ya kipande

Mwenye vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa UTT AMIS ya Tanzania hupata bei mpya mara moja kwa siku ya kazi, na kuiandika huchukua dakika moja tu, iwe daftarini au kwenye jedwali la simu. Kwa gharama, daftari linashinda waziwazi.

Kwenye hesabu mambo hubadilika. Tuseme Ijumaa thamani ya kipande ni shilingi 400.00 na Jumatatu ni 400.36. Ongezeko hilo la asilimia 0.09 ni la siku 3, sawa na takriban asilimia 10.95 kwa mwaka, lakini anayelihesabu kuwa la siku moja hupata 32.85 na kujidanganya vibaya. Jedwali lenye tarehe safu ya A na bei safu ya B hulinda dhidi ya kosa hilo:

```
=(B3/B2-1)*365/(A3-A2)
```

Hata hivyo, fomula haijui gawio. Mfuko unaogawa mapato, kama Jikimu, bei yake hushuka siku ya mgao bila mwekezaji kupata hasara, na hapo maelezo ya pembeni mwa daftari husaidia zaidi.

Kwa anayekagua mwisho wa mwezi, daftari latosha. Anayelinganisha mifuko miwili atahitaji jedwali, mradi ahifadhi nakala yake nje ya simu.