Steni au rangi ya mafuta? Milango yangu miwili na jua la saa kumi

Nilihamia Kigamboni mwanzoni mwa 2022, nyumba ikiwa na milango miwili ya nje. Wa mbele ni wa mninga na unatazama magharibi. Wa nyuma, wa jikoni, ni wa msindano, nao unatazama mashariki. Wa mbele nilitaka upakwe steni ili mbao ionekane. Wa nyuma nilisema upigwe rangi ya mafuta ya kijani basi, maana ni wa jikoni na nani atautazama.

Fundi aliniunga mkono. "Mama, mninga ukiupaka rangi ya mafuta umeuzika," alisema, na hapo hakukosea. Alichukua rangi nyekundu ya unga, akaiyeyusha kwenye spiriti, akaipitisha kwa kitambaa, kisha akapiga vanishi mara tatu. Siku ile mlango ulikuwa wa kupigia picha. Nyuzi zilionekana zinavyopinda kuzunguka vifundo, na ukisogea kidogo mwanga nao ulitembea ndani ya mbao. Wiki chache baadaye nikakifunga pale kibao cha namba ya nyumba kwa skrubu mbili.

Katikati ya 2023 nilikifungua kibao hicho nikirekebisha kitasa. Chini yake palikuwa na mstatili mwekundu kama siku ya kwanza. Mlango uliobaki ulikuwa umepauka, rangi ya chai ya maziwa iliyozidi maziwa, na sehemu ya chini, inapopiga mvua, vanishi ilikuwa inabanduka kama magamba ya samaki. Mbao iliyokuwa chini ya magamba ilikuwa ya kijivu na ukiisugua kwa kidole inatoa nyuzinyuzi.

Nilidhani nimeuziwa vanishi mbovu. Mzee mmoja mtaani, aliyepaka mashua miaka mingi, alikuja akapitisha kucha kwenye ile kijivu akaniambia, "Mwanangu, vanishi haikuoza. Mbao chini yake ndiyo iliyooza kwa jua." Nilikwenda kuyasoma hayo mambo kwa utulivu na nikamkuta yuko sahihi. Kinachoshikilia nyuzi za mbao pamoja ni kitu kinachoitwa lignini, nacho hakivumilii miale ya urujuanimno. Vanishi isiyo na rangi ni kama kioo cha dirisha: jua linapita, linavunja lignini juu juu, mvua inaingia kwenye ufa wa kwanza na kuiosha. Vanishi inabaki imeshika safu ya mbao ambayo yenyewe haijashika kitu, ndiyo maana inatoka vipande vipande.

Sasa hiyo ni vanishi. Kupauka kwa wekundu ni kosa la steni yenyewe, na hapa ndipo wengi tunachanganywa, kwa sababu dukani kila kitu kinaitwa steni. Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni rangi inayoyeyuka kabisa, kama ile ya spiriti. Inaingia hadi ndani ya nyuzi, haifuniki chochote, na ndiyo inayotoa ule uzuri wa siku ya kwanza. Lakini nyingi zake jua linazivunja haraka. Ya pili ina pigimenti, yaani chembe ndogo zilizosagwa ambazo haziyeyuki. Zile za kahawia, njano na nyekundu ya udongo mara nyingi ni oksidi ya chuma, kutu kwa lugha yetu, na kutu jua haliipaushi. Kuzijua ni rahisi: acha kopo litulie usiku kucha, asubuhi chovya kijiti hadi chini. Kikitoka na tope zito, hiyo ni pigimenti. Kwa sababu hiyohiyo lazima kopo likorogwe kila mara, la sivyo mlango wa kwanza utatoka mweupe na wa mwisho mweusi kutoka kopo moja.

Pigimenti ina gharama yake machoni. Chembe zinakaa kwenye vitundu vya mbao, na mninga una vitundu vikubwa, kwa hiyo mistari mifupi ya giza inakolea na nyuzi zinaonekana zaidi. Ila ule mng'ao wa ndani unapungua, kama unaangalia kupitia chandarua. Pia haisamehi msasa. Mkwaruzo wowote uliokwenda kinyume na nyuzi unajaa pigimenti na kuonekana kama umechorwa kwa kalamu.

Mlango tuliukwangua wote, tukapiga msasa namba 80 hadi kijivu kikaisha, kisha 120, tukaishia 150. Ukienda laini zaidi ya hapo mbao inafunga na steni haishiki vizuri. Tukapaka steni ya kahawia yenye pigimenti, tukasubiri kama dakika kumi, tukafuta iliyobaki juu kufuata nyuzi. Kesho yake vanishi ya nje, ile ya mashua yenye dawa ya kuzuia miale ya jua, mara tatu, ya kwanza ikiwa imechanganywa na tapentaini kidogo ili inywewe. Kingo za juu na chini tulizipaka pia. Fundi wa kwanza aliziruka, na kumbe mbao inakunywa maji kwa kasi zaidi pale nyuzi zilipokatwa.

Baada ya mwaka na miezi miwili rangi ilikuwa bado ileile, isipokuwa mng'ao ulikuwa umefifia upande wa kitasa. Nilipitisha msasa namba 240 kwa mkono mwepesi na kupiga vanishi mara moja, kazi ya asubuhi moja. Hii kazi haina mwisho, nakwambia mapema. Ukingoja hadi ipasuke, unarudi kwenye kukwangua.

Na ule wa jikoni niliouonea? Huu ni mwaka wa nne, haujaguswa. Rangi ya mafuta inaziba mwanga wote, kwa hiyo jua linaila rangi tu na mbao haiguswi. Ukipitisha kiganja kinatoka na unga wa kijani, ule wa rangi iliyochoka juu, na mng'ao umekwisha. Utaoshwa, utapigwa msasa kidogo na kupakwa tena. Kasoro pekee ni madoa ya njano kwenye vifundo, kwa sababu utomvu wa msindano unapenya rangi kama vifundo havikuzibwa kwanza kwa sheleki. Sijutii kutoupaka steni. Nilijaribu kwenye kipande: sehemu laini za msindano zinanyonya rangi sana na zile ngumu zinakataa, basi mistari iliyokuwa myeupe inakuwa myeusi na iliyokuwa myeusi inaonekana myeupe, mbao inaonekana kama negativu ya picha.

Kwa hiyo maksi zangu: mninga, mvule au mkongo unaopigwa na jua, steni ya pigimenti na vanishi ya mashua, kama uko tayari kuurudia kila mwaka au mwaka na nusu. Kama huko tayari, piga rangi ya mafuta na umsamehe fundi akilalamika. Ile ya spiriti siichukii. Mlango wa chumba changu, ambao hauoni jua, ulipakwa kutoka kopo lilelile na bado ni mwekundu wa kuvutia.

Kibao cha namba nimekihamishia ukutani.