Siku tatu na VS Code kwa sababu ya menyu ya samaki

Betri ya laptopu yangu ilikufa kitambo. Stima ikipotea hapa Nyalenda, Kisumu, nayo inazima papo hapo, na chochote ambacho sijahifadhi kinakwenda na giza. Kwa hiyo nilipoweka Visual Studio Code, programu ya kuandikia msimbo, mara ya kwanza, kabla hata sijaandika mstari mmoja, niliingia menyu ya File nikabofya Auto Save. Nikaona nimekuwa mjanja. Alama hiyo moja ya tiki ndiyo iliyonila siku mbili kati ya tatu ninazotaka kuwasimulia.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Shangazi anauza samaki karibu na ufuo wa Dunga, na wateja wanampigia simu kila asubuhi wakiuliza kama kuna mbuta au ni ngege peke yake. Akaniambia, "Si wewe ulisomea hizo tarakilishi? Nitengenezee ukurasa mtu aangalie mwenyewe, mimi niache nikaange." Hadi hapo nilikuwa naandika HTML kwa Notepad, nikifunga na kufungua kivinjari kila nikibadilisha neno. Nikaamua safari hii nifanye kama watu.

Kuipakua si shida. VS Code ni ya bure, imetoka Microsoft tangu 2015, na faili la kusakinisha kwa Windows lina takriban megabaiti 100, kwa hiyo subiri uwe na Wi-Fi ya mtu. Chagua ile ya User Installer: inajiweka kwenye akaunti yako tu na haidai nenosiri la msimamizi, jambo linalosaidia kama laptopu uliinunua mitumba na hujui mwenye kwanza aliacha nini humo. Kwenye ukurasa wa visanduku vya tiki, weka vile viwili vya "Open with Code". Utabofya folda kwa kitufe cha kulia na kuifungua nzima.

Neno folda nalisisitiza kwa sababu nililipuuza. Nilifungua faili moja, `index.html`, kama nilivyozoea na Notepad. Kwa VS Code, folda ndiyo kazi yako. Faili lililofunguliwa peke yake ni mgeni asiye na nyumba. Baadhi ya viendelezi, yaani vijiprogramu vya kuiongezea uwezo, huuliza kwanza "folda iko wapi?" na kama haipo vinakataa kufanya kazi. Tumia File kisha Open Folder. Itakuuliza kama unawaamini walioandika yaliyomo. Kama folda ni yako, kubali. Kama ni kitu umepakua mtandaoni, kataa kwanza uangalie. Itafunguka katika hali iitwayo Restricted Mode, ambapo baadhi ya viendelezi vinazimwa.

Viendelezi vinapatikana kwa Ctrl+Shift+X. Hapo ndipo wanaoanza hulewa. Binamu yangu ana zaidi ya thelathini, vingine vya kubadilisha rangi ya folda, halafu analalamika mashine inakohoa. Mimi niliweka vitatu. Kabla ya kubofya Install nilisoma jina la mchapishaji na kile kitambulisho kilichoandikwa kwenye ukurasa wa kiendelezi, maana majina ya kufanana ni mengi, na kiendelezi kikishaingia kina ruhusa zile zile za programu yenyewe: kinaweza kusoma mafaili yako na kutumia intaneti.

Cha kwanza ni Live Server, `ritwickdey.LiveServer`. Unabofya Go Live chini kulia, kivinjari kinafunguka kwenye `127.0.0.1:5500`, na kila ukihifadhi faili ukurasa unajisasisha wenyewe. Cha pili ni Prettier, `esbenp.prettier-vscode`, kinachopanga msimbo uliotawanyika ukawa na nafasi na mistari inayosomeka. Cha tatu ni Code Spell Checker, nacho kilidumu nusu saa. Kinakuja na kamusi ya Kiingereza, kwa hiyo ugali, sukuma, kachumbari, ngege, kila kitu alichopika shangazi kilipigiwa mstari wa mawimbi. Unaweza kukiongezea maneno moja moja, lakini menyu nzima ni Kiswahili na Kiluo. Nikakitoa.

Sasa turudi kwa ile tiki.

Nilifungua mipangilio kwa Ctrl na alama ya mkato, nikatafuta "format on save", nikaiwasha. Nikaandika menyu ovyo makusudi, nione Prettier ikiipanga. Haikufanya kitu. Nikasubiri. Nikaandika tena. Kivinjari pembeni kilikuwa kinajisasisha kila sekunde kama mtu mwenye kwikwi, kikionyesha neno nusu, lebo nusu, na msimbo wangu ukabaki umelala vile vile. Nikaondoa Prettier nikaiweka upya. Nikawasha laptopu upya. Siku ya kwanza ikaisha hivyo, na ya pili ikaanza hivyo hivyo.

Binamu alipita jioni ya siku ya pili. Akaangalia, akacheka. "Omera, hujawahi kubonyeza Ctrl+S hata mara moja?"

"Si inajihifadhi yenyewe?"

"Ndiyo shida."

Hili liko kwenye maelezo ya mpangilio wenyewe, ila ni nani husoma? Tiki ya Auto Save kwenye menyu ya File inaweka thamani iitwayo `afterDelay`: faili linahifadhiwa sekunde moja baada ya kuacha kuandika. Na kwa `afterDelay`, VS Code haipangi msimbo. Wamefanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa ungekuwa bado unafikiria neno linalofuata huku mistari inaruka chini ya vidole vyako. Upangaji unangoja uhifadhi kwa mkono wako. Ile kwikwi ya kivinjari nayo ilitoka hapo hapo, kwani Live Server ilikuwa inaona faili jipya kila mara nilipopumzika.

Kuna thamani nyingine, `onFocusChange`, ambayo huhifadhi unapohama kwenda faili jingine au dirisha jingine, na hiyo haizuii upangaji. Bonyeza Ctrl+Shift+P, andika "Open User Settings (JSON)", uweke haya:

```json
{
  "files.autoSave": "onFocusChange",
  "editor.formatOnSave": true,
  "editor.defaultFormatter": "esbenp.prettier-vscode"
}
```

Mstari wa mwisho unahitajika kwa sababu VS Code ina mpangaji wake wa HTML wa ndani. Ikiwa na wawili na hujasema unamtaka nani, itakuomba uchague.

Na stima je? Hapo nilikuwa na wasiwasi, nikafanya jaribio. Niliandika mistari mitatu bila kuhifadhi, ile nukta ya "bado" ikiwa inaonekana kwenye jina la faili juu, nikachomoa waya ukutani. Laptopu ikafa. Nilipoiwasha na kufungua VS Code, mistari yote mitatu ilikuwepo, na nukta yake. Inaweka nakala ya kile ambacho hujahifadhi mahali pake pembeni, na kuirudisha ukifungua tena. Kwa hiyo ile Auto Save niliyoikimbilia sikuihitaji kwa ajili ya giza. Hata hivyo nakala hiyo haiandikwi kwa kila herufi, kwa hiyo maneno ya mwishomwisho kabisa yanaweza kupotea.

Siku ya tatu nikabonyeza Ctrl+S kwa madaha. Faili la mtindo, CSS, likajipanga vizuri. Menyu yenyewe ikakataa tena!

Safari hii sikuondoa kitu. Kwenye ule mstari wa chini kabisa wa dirisha, neno Prettier lilikuwa limebadilika likaonyesha kosa. Ukilibofya linafungua paneli ya Output, na humo kulikuwa na ujumbe huu: `Unexpected closing tag "p"`, pamoja na namba ya mstari. Mstari wenyewe ulikuwa mwisho wa hiki kipande:

```html
<p>Leo tuna:
  <ul>
    <li>Ngege wa kukaanga</li>
    <li>Mbuta wa mchuzi</li>
  </ul>
</p>
```

Kwa macho yangu kila lebo ilikuwa imefunguliwa na kufungwa. Lakini kwa kanuni za HTML, aya haiwezi kubeba orodha ndani yake. `<ul>` inapotokea, `<p>` inahesabiwa imekwisha kufungwa hapo hapo, na ile `</p>` ya chini inabaki yatima. Kivinjari hakikulalamika, kilirekebisha kimyakimya na kuongeza aya tupu chini ya orodha. Ile nafasi ya ajabu niliyokuwa nikipambana nayo kwa CSS tangu siku ya kwanza ilitoka hapo. Nikafunga aya baada ya "Leo tuna:", nikafuta `</p>` ya chini, nikahifadhi. Menyu ikajipanga, na ile nafasi ikapotea.

Tangu hapo, Prettier ikinyamaza siangalii mipangilio kwanza. Naangalia kama faili linasomeka. Ikiwa mafaili mengine yanapangika na moja tu halitaki, kosa karibu kila mara limo ndani ya hilo moja. Ikiwa hakuna linalopangika, hapo ndipo narudi kwa ile mistari mitatu ya mipangilio.

Kuhusu uzito: laptopu yangu ina RAM ya gigabaiti 4. VS Code imejengwa juu ya Electron, yaani ndani yake kuna kivinjari kizima, kwa hiyo ukifungua na Chrome yenye vichupo kumi utasikia feni. Nikiwa na viendelezi viwili na vichupo vitatu inakwenda bila kukwama. Ukitaka kujua kipi kinachelewesha, Ctrl+Shift+P kisha "Show Running Extensions" inaonyesha kila kimoja kilichukua milisekunde ngapi kuamka. Walio kwenye bando waweke pia `"update.mode": "manual"`, maana matoleo mapya hutoka mara kwa mara na hujipakua yenyewe. Na asiyependa takwimu za matumizi yake zitumwe kwa watengenezaji aweke `"telemetry.telemetryLevel": "off"`. Nimeweka vyote viwili.

Shangazi hana laptopu, kwa hiyo nilimwonyesha kwa simu yake kabla ya kuupeleka ukurasa mtandaoni. Simu na laptopu zikiwa kwenye Wi-Fi moja, niliandika `ipconfig` kwenye terminal, nikachukua namba ya IPv4, nikaiandika kwenye kivinjari cha simu na `:5500` mbele yake. Windows iliuliza kama iruhusu. Nikaruhusu kwa mtandao wa nyumbani peke yake. Akaitazama menyu, akaisogeza juu na chini kwa kidole chenye unga.

"Omena umeiweka wapi?"

Nikaiongeza pale pale, Ctrl+S, ikatokea mkononi mwake.

"Sasa weka na bei," akasema.