Kilo mbili na nusu zilivyogeuka ishirini na tano: programu ya mauzo dukani kwangu

Nauza samaki rejareja Kongowea. Miezi miwili sasa naandika mauzo kwenye programu ya simu badala ya daftari: unaingiza kilo na bei, inazidisha na kujumlisha. Ni nyepesi, haihitaji bando, na mwanangu wa darasa la saba aliielewa kabla yangu.

Shida ilianza niliponunua simu mpya. Jioni ya kwanza nilikuwa nimeuza nguru mara tatu tu, kwa 600 kilo: kilo 2.5, kilo 4 na robo tatu, yaani 0.75. Hesabu ya kichwa ni 1,500 na 2,400 na 450, jumla 4,350. Simu ikaniandikia 62.400. Nikacheka: shilingi sitini na mbili na senti arubaini, kwa siku nzima ya kunuka samaki?

Nilipofungua mauzo moja moja ndipo nilipoona. Kilo 4 zilikuwa sawa, ila zimeandikwa 2.400. Zile 2.5 zilikuwa 25, na 0.75 imekuwa 75. Kwa hiyo jumla ile ilikuwa elfu sitini na mbili na mia nne, nukta imekaa pahala pa koma yetu.

Chanzo kilikuwa kidole changu. Wakati wa kuwasha simu nilichagua Kiswahili, na chini yake kuna nchi. Kwa haraka nikabonyeza ya kwanza, Kongo. Kiswahili cha Kongo kwenye simu hufuata mtindo wa Kifaransa kwa desimali: koma ndiyo hutenga sehemu ya kilo, nukta hutenga maelfu. Programu ilipokuta 2.5 ikaiona nukta ni pambo la maelfu, ikaitupa. Ndiyo maana tarakimu moja baada ya nukta huzidisha mara kumi, mbili mara mia, na namba nzima haiguswi. Ukiona makosa ya namna hiyo, usilaumu mizani.

Lawama yangu kwa waliounda programu ni hii: kibodi yao ya namba inakubali nukta peke yake. Nilijaribu kuandika 2,5, koma ikakataa kuingia. Yaani wanakulazimisha nukta, kisha wanaisoma kama kitu kingine!

Nilibadilisha lugha kuwa Kiswahili (Kenya), nikaifunga programu na kuifungua tena. Nikajaribu kilo 1.5, ikabaki 1.5. Kabla ya hapo nilikuwa nimejikwamua siku moja kwa kuandika gramu, 2500, na bei ya gramu moja kuwa senti 60. Lakini bei hiyo nayo ina nukta, kwa hivyo nikaishia kuzidisha kwa kalamu.

Mauzo ya zamani hayakujirekebisha. Ile 25 ilishahifadhiwa kuwa 25, na nilikaa na kikombe cha kahawa nikizifuta moja moja. Nyota tatu.