Fomazini ya kuzimua au ya vichupa vilivyofungwa?

Fomazini ni kimiminika chenye tope la kiwango kinachojulikana, cha kusawazishia mita ya kupima tope la maji, na NTU ndiyo kipimo cha tope hilo. Kwa gharama, fomazini ya 4000 NTU ya kuzimua mwenyewe inashinda: chukua mililita 0.5, ongeza maji yaliyochujwa hadi mililita 100, unapata 20 NTU. Ila ikishazimuliwa haikai. Itumie siku hiyohiyo. Vichupa vilivyofungwa ni ghali, lakini havidai kazi hiyo.

Kinachoponza kote ni kioo. Mkwaruzo au alama ya kidole hutawanya mwanga, na mita huuhesabu kama tope. Jaza kichupa maji yaliyochujwa, kizungushe taratibu ndani ya mita: namba ikiruka kutoka 0.1 hadi 0.4 NTU upande mmoja, kifute, paka tone la mafuta ya silikoni. Isiposhuka, kitupe. Kilichofungwa kikikwaruzika, unakitupa pamoja na fomazini yake.

Mwenye maabara na pipeti azimue. Anayezunguka visimani abebe vilivyofungwa.