Early Access ya Steam: uzoefu wangu wa kununua gemu ambazo hazijaisha, nikiwa Dodoma kwa bando la simu

Ukikuta kisanduku cha Early Access juu ya kitufe cha kununua gemu kwenye Steam, ujue unauziwa kazi ambayo bado iko mezani. Unalipa leo na unacheza leo, ila Steam wenyewe wanakuonya kwamba gemu hiyo huenda ikaendelea kubadilika na huenda isibadilike tena. Utaratibu huu upo tangu 2013. Hukumu yangu, kwa mtumiaji wa kompyuta ya kawaida na bando la simu: lipia kile kinachochezeka leo, maana ahadi haina marejesho.

Mfano mchungu kuliko yote ni Kerbal Space Program 2, gemu ya kuunda roketi. Iliingia Early Access Februari 24, 2023 kwa dola 49.99, bei ya gemu iliyokamilika kabisa. Wanunuzi walionyeshwa ramani ya yatakayokuja: utafiti wa kisayansi, makoloni, safari za nyota nyingine, kucheza na wenzako. Ramani hiyo haikuwa na tarehe hata moja. Sehemu ya sayansi ilifika Desemba 2023, kisha apdeti ya mwisho ikatoka Juni 2024. Makoloni hayakuja, lakini gemu iliendelea kuuzwa.

Dalili zilikuwepo tangu siku ya kwanza. Gemu ya kwanza ya mfululizo huo ilikuwa na sayansi na joto la chombo kinaporudi kwenye angahewa. Hii mpya ilianza bila vyote viwili. Toleo la pili likianza likiwa pungufu kuliko la kwanza, na bei iko juu, subiri.

Kwa hiyo kabla sijalipa nasoma majibu ya watengenezaji ndani ya kile kisanduku. Swali ninaloanza nalo ni lile la hali ya gemu kwa sasa, kisha lile la bei: je, itapanda ikikamilika? Wakisema itabaki ileile, haraka ya nini? Halafu nafungua habari za gemu na kuhesabu apdeti za miezi 6 iliyopita. Tangazo la picha mpya au salamu za sikukuu silihesabu. Nataka orodha ya makosa yaliyorekebishwa na vitu vilivyoongezwa. Mwisho nasoma maoni ya siku 30 za karibuni, kwa sababu alama ya jumla inaweza kuwa bado inabebwa na furaha ya miaka miwili nyuma.

Gemu za hadithi mimi nazisubiri karibu kila mara, hata mtengenezaji akiwa mwaminifu. Baldur's Gate 3 iliingia Early Access Oktoba 2020 ikiwa na sura ya kwanza tu, kwa bei ileile iliyokuja kuuzwa ilipokamilika Agosti 2023. Mafaili uliyosevu hayakuhamia kwenye toleo kamili, ulianza upya. Tena ni gemu ya takriban GB 150. Kwa mwanafunzi wa hosteli pale UDOM anayepakua usiku kwa bando, hapo ndipo gharama halisi ilipo. Steam hujaribu kupakua vipande vilivyobadilika tu, lakini watengenezaji wakifungasha upya mafaili makubwa, apdeti moja inaweza kukaribia ukubwa wa gemu nzima, na diski nayo itadai nafasi ya ziada wakati wa kuiweka.

Dawa ya bando ni mbili. Bofya kulia gemu kwenye Library, ingia Properties kisha Updates, uchague isasishwe pale tu unapoifungua. Na kama jirani wa chumba anayo gemu hiyohiyo, mkiwa kwenye Wi-Fi moja Steam inaweza kuivuta kutoka kompyuta yake badala ya mtandaoni. Kila mmoja awashe ruhusa hiyo kwenye mipangilio ya Downloads.

Ninayoipendekeza kununuliwa hata sasa ni ya aina ya Project Zomboid, iliyopo Steam tangu 2013. Toleo lake jipya, Build 42, lilipotoka Desemba 2024 likiwa bado na makosa, liliwekwa kando kwenye Betas, sehemu ya matoleo ya majaribio ndani ya Properties. Asiyelichagua aliendelea na Build 41 na mafaili yake salama. Mtengenezaji anayetenga hivyo toleo la majaribio anajali muda wako.

Ukishanunua, una siku 14 na chini ya saa 2 za kucheza ili kuomba fedha zirudi. Saa hizo zinahesabika hata gemu ikiwa imesimama kwenye menyu, kwa hiyo usiiache wazi ukaenda kula. Dakika 40 za kwanza zitumie kupima kompyuta: shusha picha hadi kiwango cha chini, nenda sehemu yenye vitu vingi, sevu, funga, fungua tena. Ikikwama au sevu isipofunguka, omba marejesho siku hiyohiyo kupitia help.steampowered.com. Kama ulilipa kwa kadi ya muda ya pesa za simu ambayo umeshaifuta, chagua fedha zirudi kwenye Steam Wallet.